Watu wanaangalia halafu wanapotea: tuisome picha moja ya skrini

Habari za mchana, ndugu zangu. Nimepewa nusu saa, kwa hiyo salamu ziishie hapo, tuitazame picha iliyo ukutani. Ni picha ya skrini ya ukurasa wa Instagram wa dada mmoja, fundi mapazia. Ameniruhusu niwaoneshe kwa sharti kwamba nifute jina lake na namba yake, ndiyo maana mnaona mabaka meusi pale juu. Aliponitumia aliweka na maneno haya: "Kaka, watu wanaangalia halafu wanapotea. Shida ni nini?"

Kabla ya kusema lolote kuhusu rangi au picha, naomba mtazame kitufe kilicho chini ya maelezo. Kimeandikwa Edit profile. Maana yake picha hii imepigwa na mwenye ukurasa, akiwa ndani ya akaunti yake. Mteja hakioni kitufe hicho. Mteja anaona Follow na Message, na vitufe vingine kama vipo. Kwa hiyo dada alikuwa ananionesha duka akiwa amesimama nyuma ya kaunta, nami nilitaka kuliona kutoka mlangoni. Nikamwomba atafute mtu asiyemfuata, afungue ukurasa kwa simu yake mwenyewe, apige picha ya skrini, kisha abonyeze kila kinachobonyezeka na aseme kimetokea nini.

Jirani yake alifanya kazi hiyo kwa dakika mbili. Picha ilirudi haina kitufe cha kupiga simu, kwa sababu akaunti ilikuwa ya mtu binafsi, haijawahi kubadilishwa kuwa ya biashara. Kubadilisha ni bure, kunafanyika kwenye mipangilio, ila ukishabadilisha kumbuka kuwasha sehemu ya kuonesha mawasiliano, la sivyo kitufe hakitokei. La pili lilikuwa baya zaidi. Linki ya WhatsApp ilikuwepo, ya bluu, imekaa vizuri, lakini jirani alipoibonyeza akaambiwa namba haipo. Ukiikuza picha ya kwanza unaona sababu: linki inaanza wa.me/0. Linki ya namna hiyo inataka namba yenye msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha, bila sifuri ya mwanzo, bila nafasi katikati. Iwe hivi:

```
https://wa.me/MSIMBOWANCHINAMBA
```

Dada alikuwa ameandika namba kama anavyoitaja kwa mdomo. Na kwa kuwa yeye mwenyewe hajiandikii ujumbe, hakuwahi kuibonyeza. Sijui ni wateja wangapi walifika hapo wakadhani biashara imefungwa.

Sasa tusome maelezo yenyewe, ile tunayoiita bayo. Nawasomea kama ilivyo: "Karibu kwetu. Ubora ndio kipaumbele chetu. Bei poa kwa kila mteja. Tunakujali. Njoo DM kwa oda."

Fumba macho, ondoa picha, baki na maneno hayo. Huyu anauza nini? Anaweza kuwa fundi baiskeli. Anaweza kuwa anauza kuku. Neno "pazia" halimo hata mara moja. Mimi huwa nafanya jaribio moja la kikatili kidogo: nachukua kila sentensi ya bayo na kuihamishia kwenye biashara nyingine kabisa. Ikikaa huko bila kulalamika, naifuta. Hapa hakuna iliyobaki.

Mkumbuke nafasi yenyewe ni finyu. Bayo inapokea herufi 150, ukihesabu na nafasi kati ya maneno na alama. Zaidi ya hapo haiandikiki. Na hata hizo 150 ukizijaza kwa mistari mingi, mgeni huona mistari ya mwanzo tu, iliyobaki inajificha nyuma ya neno more, ambalo wengi hawalibonyezi. Kwa hiyo mstari wa kwanza ndio unaofanya kazi.

Nilimuuliza dada maswali matatu, tena kwa simu ili asipate muda wa kutunga. Unafanya nini hasa? Akasema: "Naenda kwa mtu, napima, nashona, narudi kufunga." Mtu anasubiri muda gani? "Wiki." Akitaka kuanza anatakiwa akutumie nini? "Picha ya dirisha, na aniambie upana." Nikamwambia bayo tumeshaipata, tuiandike:

Tunapima, tunashona na kufunga mapazia nyumbani kwako
Siku 7 tangu kupimwa hadi kufungwa
Tuma picha ya dirisha na upana wake kwa WhatsApp

Nimeihesabu: herufi 137 pamoja na nafasi na kushuka mistari. Haina emoji hata moja, na siyo kwamba nazichukia. Moja mwanzoni mwa mstari inasaidia jicho kushuka. Saba mfululizo zinafanya bayo ionekane imemwagikiwa na kitu. Mstari wa mwisho ulizua mjadala. Dada alitaka uandikwe "wasiliana nasi". Nikamwambia mtu akiambiwa awasiliane anabaki anajiuliza aanzie wapi, anaandika "mambo", unajibu "poa", na siku inapita. Ukimwambia atume picha ya dirisha, tayari yuko kazini.

Jambo moja kuhusu zile herufi za mapambo, zilizopinda kama za kadi ya harusi, ambazo watu wanazinakili kutoka kwenye tovuti. Kwa kompyuta hizo siyo herufi za kawaida, ni alama za hesabu zinazofanana na herufi. Mtu asiyeona, anayetumia simu inayomsomea kwa sauti, anaweza kusomewa alama moja moja au asisikie kitu kabisa. Na utafutaji unaweza usizitambue. Kama unazo kwenye jina la biashara, zitoe leo.

Nimetaja jina, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wanachanganya vitu viwili. Kuna jina la akaunti, lile lisilo na nafasi ambalo watu wanalitaja kwa alama ya @. Halafu kuna jina lililokolezwa, linalokaa karibu na bayo yako, ambalo unaweza kuliandika kama maneno ya kawaida. Yote mawili hutumika mtu anapotafuta. Dada kwenye hilo la pili alikuwa ameandika jina lake la kwanza na la mtoto wake. Lina mapenzi, sikatai, lakini anayetafuta fundi hajui mwanao anaitwa nani. Tukaweka neno "Mapazia", kisha jina la biashara, kisha mji anaofanyia kazi. Mtu akitafuta neno mapazia pamoja na mji huo, sasa kuna kitu cha kumkamata. Angalizo: Instagram inakuruhusu kubadilisha jina hilo mara mbili tu ndani ya siku 14. Liandike kwanza kwenye karatasi, ulitazame makosa, ndipo uliweke.

Twende kwenye picha ya wasifu. Mnaona kile kiduara juu kushoto? Nani anaweza kunisomea kilichoandikwa ndani? Hakuna. Nami nilishindwa. Ilibidi nimwombe dada anitumie faili lenyewe. Kumbe ni nembo ya mraba: jina la biashara juu, mkasi na uzi katikati, "tunashona mapazia ya kila aina" chini, namba mbili za simu pembeni. Kwenye bango la mlangoni ingependeza. Kwenye simu, hapo, duara lina upana mdogo kuliko kidole gumba, na chini ya maoni ya watu linapungua tena. Isitoshe, mraba ukikatwa kuwa duara unapoteza pembe zake nne, na hizo pembe kwa pamoja ni zaidi ya sehemu moja kwa tano ya eneo lote. Namba za simu ndizo zilikuwa zimekaa kwenye pembe. Zikakatwa.

Namna ya kujua kama picha yako inafaa ni rahisi. Fungua ukurasa kwenye simu, uiweke mezani, urudi nyuma hatua mbili. Ukiona umbo, imepona. Ukiona uji, ibadilishe. Jaribu pia simu ikiwa imewekwa kwenye hali ya giza, ile dark mode, maana nembo yenye mandhari meupe inaweza kung'aa kama taa, na yenye maandishi meusi kwenye mandhari meusi inamezwa.

Tuweke nini basi? Wengi wenu mtasema nembo, na kwa biashara nyingine nakubali: herufi moja au umbo moja, rangi mbili, basi. Kwa fundi huyu nilikataa. Huyu anaingia chumbani kwa mtu na ngazi na mashine ya kutoboa ukuta. Anayemwalika anataka kujua ni nani atakayebisha hodi. Nikamwomba picha ya uso wake, kuanzia mabegani, amesimama mbele ya pazia la rangi moja iliyokoza, mwanga wa dirisha ukimpiga kwa pembeni. Uso ukae katikati na ujaze zaidi ya nusu ya duara. Alipiga picha kama thelathini, tukachagua moja anayotazama kamera bila kujikaza. Na nikamsihi akishaiweka asiigusegeuse kila sikukuu, kwa sababu wanaomfuata wanamtambua kwa kiduara hicho wanapopitisha kidole haraka.

Haya, gridi, yaani zile picha zilizojipanga kwa safu chini ya bayo. Hapa ndipo penye kazi.

Tuhesabu pamoja picha tisa za juu. Salamu za sikukuu, tatu. Nukuu yenye machweo, moja. Bango la "punguzo" lisilosema punguzo la nini, moja. Kolaji ya madirisha manne yaliyobanwa kwenye picha moja, moja. Mapazia yenyewe, tatu, na kati ya hizo mbili ni nyeusi tii. Yaani mtu aliyekuja kuona mapazia anaona moja na nusu. Kuna waliotaka kucheka hapa, lakini nendeni mkahesabu za kwenu.

Tazameni lile bango la safu ya pili. Limeandikwa "APAZIA YA KISAS". Dada aliapa kwamba aliandika vizuri, na ni kweli. Alilitengeneza miaka iliyopita likiwa mraba, na gridi wakati huo ilikuwa ya miraba. Mwezi wa Januari 2025 Instagram ilibadilisha gridi, vigae vikawa vya kusimama, upana 3 kwa urefu 4. Picha ya mraba ikiingia kwenye kigae hicho inapoteza robo ya upana wake, nusu ya robo kila upande. Herufi ya M ikaenda kushoto, A ya mwisho ikaenda kulia. Picha haijaharibika, ukiifungua iko kamili, ila kwenye gridi imenyolewa masikio.

Tiba ni mbili. Kwa picha mpya, piga simu ikiwa imesimama, pakia kwa uwiano wa 4 kwa 5, yaani pikseli 1080 kwa 1350, na usiweke kitu cha maana kwenye kingo za pembeni, kwa kuwa hata hiyo gridi inaikata kidogo. Kwa picha za zamani, fungua posti, bonyeza nukta tatu, utafute sehemu ya kurekebisha muonekano wake kwenye gridi, uisogeze. Kwa bango lililojaa maandishi hadi ukingoni, kusogeza hakusaidii. Hilo liondoke.

Na kuondoka si lazima kufutwa. Posti inaweza kuhifadhiwa kwenye kumbukumbu, ikapotea machoni pa watu lakini ikabaki kwako na maoni yake yote. Ukiirudisha, inarudi mahali pake pa tarehe ileile. Tulihifadhi salamu, nukuu na mabango. Dada aliogopa ukurasa utabaki uchi. Ulibaki na picha kumi na nne, zote za mapazia.

Baada ya hapo tukabandika tatu juu, kwa sababu Instagram inaruhusu posti tatu zibaki safu ya kwanza hata ukipakia mpya. Ya kwanza ni dirisha moja kabla na baada, limepigwa kutoka sehemu ileile. Ya pili inaonesha namna ya kupima: tepu imelazwa juu ya reli, siyo juu ya kioo, na maelezo yanasema kitambaa kitakuwa mara mbili hadi mbili na nusu ya upana wa reli ili marinda yajae. Posti hiyo inampunguzia dada mabishano, maana wateja wengi wanapima kioo halafu wanashangaa bei ya kitambaa. Ya tatu ni vitambaa vyake vimekunjwa vikionekana kingo, kila kimoja na jina lake.

Kuna mtu ataniuliza kuhusu mpangilio wa drafti, picha moja nyeupe moja ya rangi, au safu zinazounda picha moja kubwa. Mimi siupendi kwa biashara ya mtu mmoja. Kila ukipakia picha mpya zote zinasogea nafasi moja, mpangilio unavunjika, na unaishia kukaa na kazi nzuri uliyoimaliza Jumatatu kwa sababu "zamu ya nyeupe haijafika". Kinachounganisha gridi ni mwanga unaofanana na umbali unaojulikana. Dada ana umbali wa namna mbili tu sasa: dirisha zima na ukuta kidogo pande zote, au kichwa cha pazia kwa karibu hadi mshono unaonekana.

Nirudi kwenye zile picha mbili nyeusi, kwa sababu zina kisa. Kamera ya simu ikielekezwa dirishani mchana inaona mwanga mkali wa nje, inajizuia, na pazia linakuwa kivuli. Dada alidhani simu yake mbovu, akawa anataka kununua nyingine. Tulifanya hivi, kwa simu hiyohiyo. Alisubiri jua linapokaribia kuzama, mwanga wa nje ukawa unalingana na wa ndani, akawasha taa ya chumba. Akabonyeza kidole juu ya kitambaa kwenye skrini, akakishikilia hadi simu ikafunga kipimo cha mwanga hapo, ndipo akapiga. Akasimama wima katikati ya dirisha, simu usawa wa katikati ya pazia, ili mistari ya ukuta isianguke. Ukitazama picha hii mpya unaona rangi yake halisi, kijani cha majani makavu. Kwenye ile ya zamani ungesema jeusi. Mara moja mteja alikuwa ameagiza "lile jeusi", likaja la kijani, wakagombana. Taa za rangi ya njano zina tatizo lake pia, zinageuza kijivu kuwa kahawia, kwa hiyo nyumba yenye taa za namna hiyo apige mchana na mapazia yakiwa yamefungwa, mwanga utoke dirisha la upande mwingine.

Sasa niseme ukweli ambao hauuziki. Gridi haikuletei watu. Wengi wataona posti yako moja huko kwenye mkondo wao, au wataambiwa na mtu. Gridi, bayo na kiduara vinafanya kazi kwa yule ambaye tayari amebonyeza jina lako na anaamua akuandikie au aondoke. Mkitaka watu wapya, hiyo ni mada nyingine na mzungumzaji mwingine.

Kujua kama imesaidia, akaunti ya biashara inakuonesha waliotembelea ukurasa na waliobonyeza linki. Linganisha wiki nne za kabla na nne za baada, ila usianze kuhesabu kabla akaunti haijageuzwa. Kwa dada tulikosa za kabla, ndiyo gharama ya kuchelewa. Tukatumia kipimo cha nyumbani: alifungua jumbe 20 za mwisho kabla ya mabadiliko, akaandika swali la kwanza la kila mtu. "Mnauza nini?" "Mpo wapi?" "Hii namba inafanya kazi?" Yalijirudia hayo. Swali linalojirudia ni shimo kwenye bayo au kwenye gridi, huhitaji mtaalamu akuoneshe.

Juzi amenitumia picha nyingine ya skrini, safari hii ya mazungumzo. Mteja ametuma dirisha, tepu imelala juu ya reli kama kwenye ile posti, na chini ameandika "180, reli ipo". Dada akauliza kama anaweza kuipakia iwe ushahidi. Nikamjibu aombe ruhusa kwanza, na kabla ya kupakia akate jina, namba na ile picha ndogo ya mteja pale juu. Na pia akate sehemu ya juu kabisa ya skrini, maana betri ilikuwa asilimia 4 na jicho langu lilienda hapo kabla ya dirisha.